Papai la Juani

Mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, tulimzika mwaka huu kabla ya mvua kubwa. Watu waliokuja kutupa pole hapa Magogoni walimtaja kwa mengi. Wako waliomtaja kwa sauti yake ya maulidi, wako waliomtaja kwa mahamri yake, na mzee mmoja alimtaja kwa maneno makali ambayo marehemu alimrushia sokoni, deni ambalo yeye mzee hakuwahi kulilipa. Mimi nilikaa pembeni nikapokea mikono. Ninalomkumbukia halisemeki mbele za watu. Namkumbuka akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo umeegemea mlango wa mabati wa choo chetu cha uwani, akinisubiri nijisaidie.

Masomo yangu yaliishia darasa la nane, na sijazoea kuandika zaidi ya ujumbe wa simu. Lakini jambo hili likinifia mimi, limekufa.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa hospitali, salama, msichana. Alitoka kwa haraka kuliko nilivyokuwa tayari, nikachanika, nikashonwa. Kushonwa kwenyewe hakukunitisha, kwa kuwa nilichomwa ganzi na mtoto alikuwa kifuani kwangu. Kilichonitisha ni mwanamke wa kitanda cha jirani. Yeye alikuwa amezaa mtoto wa tatu, amelala kiubavu anakula chungwa, akanitazama kwa huruma.

"Wameshakushona?"

"Wameshanishona."

"Basi omba Mungu. Kuzaa si kazi. Kazi ni ile siku ya kwenda choo."

Hakueleza zaidi. Aligeuka upande wa ukuta akaendelea na chungwa lake. Najua muuguzi alikuja baadaye akanieleza mambo ya kula na kunywa na kujisafisha, nikaitikia kila neno, lakini masikio yangu yalikuwa yamebaki kwa yule wa chungwa.

Nilirudi nyumbani na hofu hiyo, na nyumbani nikakuta mila inanisubiri.

Mavyaa alizaliwa Jomvu Kuu, kwa watu wanaojua kulea mzazi, na alijitayarisha kwangu kama mtu anayejitayarisha kwa harusi. Chumba kilikuwa kimefukizwa. Mkaja wa kunifunga tumbo ulikuwa umefuliwa na kukunjwa. Asubuhi alinipa uji wa pilipili manga uliochoma mpaka masikioni, mchana wali mweupe na mchuzi wa kuku, jioni mkate na chai ya tangawizi kikombe kimoja. Maji ya kunywa alinipimia kwa kikombe kidogo cha kahawa. Mboga za majani hakuleta. Matunda ndiyo kabisa, alisema ni baridi, na baridi ikimwingia mzazi haitoki tena, humvizia mpaka uzeeni ikamkamata kiuno.

"Mimi nimezaa sita," alisema akiwa ananifunga mkaja, goti lake limekaza kwenye ubavu wa kitanda. "Nitazame kiuno."

Nilimtazama. Kiuno kilikuwa kizima.

Tena alinipenda. Hilo nataka lieleweke. Alinikanda kwa maji ya moto kwa uangalifu, akamwogesha mtoto akimwimbia, akanikatalia hata kuokota kijiko. Mama yangu mzazi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mavyaa alijua. Hakulisema. Alizidisha tu.

Siku zikaanza kwenda bila mimi kwenda choo. Mwanzo nilishukuru. Tumbo lilipodai kidogo nililikataza, nikabana, mpaka likanyamaza. Kisha nikajifanyia hesabu ambayo wakati ule niliiona ya akili kabisa, kwamba kisichoingia hakitoki. Nikaanza kula robo ya sahani. Kuku nilimla ngozi, uji nikaunywa nusu, nikasema nimeshiba. Sikujua kwamba kinachokaa ndani hakiachi kukauka. Kadiri nilivyokibana ndivyo kilivyokuwa kigumu, na kadiri kilivyokuwa kigumu ndivyo nilivyozidi kukiogopa.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nilipofikiria kuchuchumaa niliziona zile nyuzi zikikatika moja moja kama za gunia la mchele. Kwa hivyo nikiingia humo nilisimama tu. Nilisimama muda wa kutosha, nikamwaga maji kwa kopo yasikike, nikatoka nikinawa mikono.

Mavyaa alikuwa anachambua mchele uwani. Hakuinua uso.

"Umepata?"

"Nimepata, mama."

"Maji unamwaga. Hilo nasikia. Lakini mtu aliyejisaidia hatoki na uso huo."

"Uso gani?"

"Uso wa mtu aliyekwenda kudai akakuta mlango umefungwa."

Nilitaka kucheka nikaogopa, maana hata kucheka kulivuta zile nyuzi. Nikalia badala yake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama na kopo mkononi, ya yule mwanamke wa chungwa, ya gunia la mchele, ya kuku niliyekuwa namla ngozi. Nikamwambia mtoto ananyonya na kulia, na naona maziwa yanapungua, na tumbo limekuwa zito kama nimemeza jiwe la kusagia, na afadhali nife kuliko kukatika nyuzi.

Aliweka ungo chini polepole.

"Huli kwa sababu unaogopa kunya," alisema.

Neno lenyewe alilisema hivyo hivyo, halina nguo. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nilinyamaza kulia kwa mshangao.

Mume wangu wakati ule alikuwa dereva wa lori, anatoa makontena bandarini Kipevu kupeleka bara. Alipiga simu asubuhi hiyo akiwa njiani. Kabla sijasema niko mzima, mavyaa alinyakua simu.

"Mkeo hajapata choo tangu azae," alimwambia.

Mara tukasikia sauti ya mtu mwingine kabisa, nzito, ya bara: "Mama, mpeni maji ya ukwaju."

Kumbe alikuwa hotelini na madereva wenziwe na simu ameiweka mezani inasema kwa sauti. Mwingine akasema si ukwaju, ni maharagwe. Wakaanza kubishana wenyewe. Mume wangu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, jamani," na mavyaa akamjibu, "Jamani nini? Wao hawana matumbo?" akakata.

Jirani alifika kabla ya adhuhuri. Sijui nani alimwambia, labda ukuta. Alikuja na fundo la karatasi lenye majani ya sanamaki, yale ya kufungua tumbo, akasema yachemshwe mpaka maji yawe meusi, ninywe bilauri nzima, na kabla ya magharibi mambo yatakuwa yamekwisha. Alilisema hilo la kwisha kwa namna iliyonifanya nishike kitanda.

Mavyaa alilichukua fundo, akalinusa, akalipima kiganjani. Sanamaki aliijua. Aliwahi kuwapa wanawe. Nilimwona anafikiri, na nilijua akinipa nitakunywa, maana kumkatalia sikujua. Kisha akanitazama nilivyokaa, nimeinamia upande mmoja kama ukuta unaotaka kuanguka.

"Huyu ameshonwa," alimwambia jirani. "Mimi sikushonwa. Hapo sipajui."

Katika maneno yote aliyowahi kunitamkia, na alitamka mengi, hilo ndilo ninalolishika zaidi. Hapo sipajui. Alikuwa mtu wa kujua. Akalifunga lile fundo kwenye pindo la leso, akavaa buibui, akambeba mtoto, akaniambia tunakwenda zahanati.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye Kiswahili cha bara, mpole. Alimwamkia mavyaa shikamoo kwanza, na nafikiri hapo ndipo nusu ya kazi ilipofanyika. Aliniuliza mambo bila haraka. Je, natoa upepo? Natapika? Nina homa? Kuna usaha, au harufu mbaya, au haja inayovuja bila mimi kujua? Nameza vidonge gani? Nikamwambia vya kuongeza damu. Akatikisa kichwa, akasema hivyo navyo hukausha choo na kukifanya cheusi, lakini nisiviache, kwa kuwa damu ninaihitaji. Akanilaza, akatazama.

"Nyuzi zako ni safi, zinapona vizuri," alisema. "Na mchaniko haukufika njia ya haja kubwa. Ungekuwa umefika huko tungekuwa na mashauri mengine. Sasa nisikize. Hizi nyuzi hazikatiki kwa kwenda choo."

"Hazikatiki?"

"Hazikatiki. Utasikia kuvutwa, utasikia kama zinataka. Hazikatiki. Kinachokuumiza ni choo kigumu, na kigumu kinatokana na kubana na kutokunywa maji. Unakunywa maji kiasi gani?"

Nilimtazama mavyaa. Mavyaa alitazama dari.

"Kikombe," nilisema.

"Kikombe kipi?"

Nilimwonyesha kwa vidole. Muuguzi aliangalia vidole vyangu, akaangalia mtoto anayenyonya, akauma mdomo asicheke.

"Mama," alimwambia mavyaa, "huyu anatoa maziwa. Ng'ombe mwenyewe angekwenda mahakamani."

"Maji ni baridi," mavyaa alisema.

"Yachemshe. Yawe ya vuguvugu. Muhimu yaingie, tena mengi, kila akinyonyesha anywe. Na mboga, na maharagwe, na matunda. Papai."

"Papai ni baridi."

"Papai si baridi, mama, ni tunda."

"Ni baridi," mavyaa alirudia, kwa adabu, na nikajua hapo hatasogea hata akija daktari mkuu.

Muuguzi hakushindana naye. Alinipa chupa ya dawa ya maji, tamu sana, laktulosi, akanionyesha kipimo chake. Alisema haichochei tumbo kwa nguvu bali huvuta maji yaingie kwenye choo kikalainika, haimdhuru mtoto anayenyonya, na nisitegemee kitu saa hiyo hiyo, huchukua siku moja au mbili. Mavyaa alifungua pindo la leso, akamwonyesha sanamaki. Muuguzi alisema si sumu, lakini ikichemshwa kwa kukisia inasokota tumbo na kuharisha, na mtu mwenye hofu hii hafai kuanzia hapo. Tena nisitiwe kitu kwa nyuma, wala maji kwa bomba wala sabuni, bila kuuliza. Mkaja akasema ulegezwe, pumzi ishuke mpaka chini. Niinuke nitembee uwani. Maumivu yakizidi, panadol. Na nikiona homa, au damu nyingi, au tumbo linavimba na natapika, nisingoje kesho.

Kisha alifunga mlango akanifundisha kukaa. Alikaa kwenye kiti chake mwenyewe kunionyesha, na sare yake nyeupe. Miguu juu ya kibao kifupi, magoti yapite nyonga, viwiko juu ya mapaja, mwili uinamie mbele. Pedi safi mkononi, niishikilie kwa mbele pale penye nyuzi, kuzikinga. Nisibane pumzi nikasukuma. Nipumue nje taratibu kama ninayepoza chai. Na haja ikiita, hasa baada ya kula asubuhi, niende hapo hapo, nisiiambie subiri. Isipotoka, niinuke, nisikae humo nikihangaika.

Tukirudi, mavyaa alitangulia mbele na mtoto. Alisimama kwa muuza matunda akachagua papai kubwa lililoiva, akalikataa, akachagua jingine. Nilifikiri ananunua la kwake.

Tulipofika alilitazama lile papai kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua amlaze wapi. Halafu akaliosha, akatoka nalo uwani, akaliweka juu ya ukuta kwenye jua kali. Akakaa kivulini kulichunga. Kila baada ya muda aliinuka akaligeuza upande, akalishika kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto. Aliporidhika alilileta, akalikata, akanipa kipande. Lilikuwa la moto. Si vuguvugu, la moto, utamu umezidi na harufu imejaa chumbani.

"Baridi iko wapi?" aliniuliza.

"Hakuna, mama."

"Basi kula."

Nikala. Toka hapo ikawa hivyo. Maji alinijazia chupa ya chai, yakiwa ya vuguvugu, akaiweka pale ninaponyonyeshea, na akija anaitikisa kujua nimebakisha nini. Mchicha aliuleta na tangawizi, ili usiwe na ubaridi. Maharagwe yalikuja na bizari. Maji ya ukwaju pia yakaja, yamepashwa moto, akisema madereva wa lori huenda wakawa na akili kidogo. Uji wa pilipili manga haukuondoka, lakini ukawa wa wimbi. Mkaja aliulegeza akinung'unika kwamba umekuwa kama skafu. Nilitembea uwani, kutoka kamba ya nguo mpaka jikoni, mtoto yuko begani kwake na yeye nyuma yangu.

Dawa niliimeza kama nilivyoelezwa. Siku ya kwanza hapakuwa na kitu ila upepo, na mavyaa aliusikia akasema alhamdulillahi kwa sauti, jirani wa upande wa pili akaitikia.

Kesho yake asubuhi, baada ya uji, tumbo liliita. Lilikuwa limeita mara nyingi kabla ya hapo na nilijua jinsi ya kulinyamazisha. Mwili ulianza kubana wenyewe. Mavyaa aliniona nimesimama katikati ya chumba.

"Linaita?"

"Abee?"

"Nimekuuliza linaita?"

"Linaita. Lakini naweza kungoja kidogo."

"Nipe mtoto."

Alikuwa na kiti cha plastiki alichokitoboa tundu katikati kwa ajili ya magoti yake mwenyewe. Alikuwa anakificha, hata wanawe hawakukijua. Akakitoa hadharani, akakiosha kwa maji na sabuni, akakiweka juu ya shimo la choo. Mbele yake akaweka kigoda tunachokalia tukifua. Akanipa pedi mpya. Akafunga mlango kwa nje, akapindua ndoo, akakaa na mtoto mapajani, mgongo kwenye mabati.

Nilikaa nilivyofundishwa. Niliweka mkono na pedi, nikainama, na hofu ikaja yote pamoja.

"Mama," niliita.

"Niko."

"Zinavuta."

"Zivute. Amesema zitavuta. Alisemaje, zinakatika?"

"Hazikatiki."

"Basi poza chai."

Nikapuliza. Yeye naye akapuliza kule nje, namsikia. Kisha akaanza kuzungumza, bila kuniuliza kitu, kama mtu anayezungumza na mtoto mapajani. Alisema alipomzaa huyu mume wangu, wa kwanza wake, alichanika na hakushonwa, mkunga alimfunga miguu pamoja kwa leso akamwambia alale. Alisema aliogopa choo mpaka akawa anajifungia chumbani kwake akilia, na mamake alikuwa nje ya mlango anampigia kelele kwamba anadeka. Alisema alijiapiza siku ile kwamba akipata mkamwana hatampigia kelele.

"Nikasahau," alisema. "Nilikumbuka uji, nikakumbuka mkaja. Hili nikalisahau kabisa. Mtu husahau uchungu wake."

Sijui alisema nini baada ya hapo, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa linatokea. Liliuma, sitasema halikuuma. Lilichoma, likavuta, nikaikandamiza ile pedi na kupuliza, na kipo kipindi kifupi nilichosema sasa ndiyo basi. Kisha likapita. Laini kuliko nilivyotarajia. Nikangoja kusikia gunia linachanika. Hakukuchanika kitu. Nilikaa pale nimeshika ukuta, machozi yananitoka, mwili mwepesi kama umetuliwa mzigo wa mtu mwingine.

"Kimya hicho ni cha nini?" alisema.

"Nimepata, mama."

"Kweli, au maji?"

"Kweli."

Hakupiga kigelegele. Nilidhani angepiga. Alimwambia mtoto tu, taratibu, "Mamako atakula leo." Na nilipojiosha kwa maji ya vuguvugu nikatoka, alikuwa ameinamisha uso kwenye shali ya mtoto na hakunitazama mpaka alipomaliza kujifuta machozi.

Nilikula samaki mzima mchana ule. Jioni mtoto alinyonya akalala na ziwa mdomoni.

Baada ya hapo mavyaa akawa anawafundisha wengine. Mzazi akipatikana mtaani, yeye alikwenda na papai, akaliweka ukutani juani na kuligeuza. Wakimuuliza alijibu kwamba ndivyo walivyofanya wazee wa Jomvu Kuu tangu zamani. Nikimtazama alinikazia jicho. Yule muuguzi, mavyaa hakumtaja hata mara moja, ila alimpelekea mahamri kila Idi.

Siku ya matanga yake, msichana mmoja wa jirani alikuja na mtoto mchanga sana. Alikaa kwa kuinamia upande mmoja. Bibi aliyekuwa karibu naye alikuwa anamweleza kwa hakika kubwa, "Mzazi hupewa papai la juani. Marehemu alilirithi kwa wazee wake, na wao kwa wao." Nilisikia, nikaendelea kupokea mikono. Asiyekuwepo hasahihishwi matangani.

Lakini yule msichana alipoinuka kwenda uwani nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa mabati, hajaingia.

"Umeshonwa?" nilimuuliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Hazikatiki," nilimwambia. "Aliyetuambia ni muuguzi wa zahanati, si wazee. Kesho nitakupeleka kwake. Kiti kiko humo ndani nyuma ya pipa, na kigoda. Mimi nakaa hapa."

Nikapindua ndoo.